Makato ya Mwezi wa Kwanza Si Kodi Yako ya Mwaka

Simu ililia jioni ya tarehe 30 Septemba, saa moja na nusu. Kwa miaka niliyokaa kwenye ofisi ya mishahara huku Uingereza nimeizoea simu ya tarehe hiyo. Ni siku watu wanalipwa, na aliyelipwa kwa mara ya kwanza hapigi kusalimia tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umepokea?"

"Nimepokea, lakini wamenikata mno. Mkataba unasema elfu mbili na mia sita, benki imeingia elfu moja mia tisa na hamsini na tano. Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Nitamwita Zuhura, ingawa silo jina lake. Ni muuguzi, kwao Tanga, na alianza kazi tarehe 1 Septemba 2025 katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Kiasi cha mshahara na tarehe nimeviweka sawa ili hesabu ifuatike kwa urahisi, na michango ya pensheni nimeiacha pembeni. Mambo mengine ni yale yale ninayoyaona kila mwaka, hasa kwa wanaoingia kazini mwaka wa kodi ukiwa umekwisha kuanza.

Nilimwomba anisomee kitu kimoja tu kwenye hati yake ya mshahara: ule msimbo wa kodi, tarakimu na herufi zinazoandikwa karibu na jina au chini kabisa, ambazo watu wengi hawazitazami kamwe. Akasoma: `0T M1`. Hapo nilijua pesa zake ziko wapi, na nikajua kwamba zitarudi. Kwa nini zitarudi, na kwa njia gani, ndiyo habari ninayotaka kuieleza kwa nafasi.

Mwaka wa kodi wa Uingereza haufuati kalenda ya ukutani. Unaanza tarehe 6 Aprili na kwisha tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata. Katika mwaka huo, mtu wa kipato cha kawaida ana fungu la pauni 12,570 ambalo halitozwi kodi ya mapato hata senti moja. Kinachozidi hapo, kwa mtu wa mshahara kama wa Zuhura anayeishi Uingereza yenyewe, kinatozwa asilimia 20. (Uskoti ina viwango vyake.) Fungu hilo ni la mwaka mzima, halipunguzwi kwa sababu umefika Septemba. Aliyefanya kazi miezi saba analo lile lile la aliyefanya kazi miezi kumi na miwili. Ukilishika hilo, umeshika nusu ya jambo.

Msimbo wa kawaida wa mtu mwenye fungu hilo zima ni `1257L`. Tarakimu zake ni 12,570 iliyoondolewa sifuri ya mwisho. Kwa mwezi mmoja, programu ya mishahara huligeuza kuwa pauni 1,048 na senti 26 zisizotozwa kodi.

Sasa swali linalomkabili mwajiri ni hili: Zuhura ameanza Septemba, mwezi wa sita wa mwaka wa kodi. Je, apewe fungu la mwezi mmoja tu, au apewe na yale ya Aprili hadi Agosti ambayo hakuyatumia? Jibu linategemea ni njia ipi kati ya mbili ya kuhesabu imetumika.

Njia ya kwanza ni hesabu ya mlimbiko. Fikiria daftari la mkopo la duka la mtaani. Mwenye duka hakuangalii kwa siku ya leo peke yake. Anafungua ukurasa wako, anajumlisha yote uliyochukua tangu mwezi uanze, anatoa yote uliyolipa, kisha anakwambia kilichobaki. Mlimbiko unafanya vivyo hivyo. Kila siku ya malipo, programu inajumlisha mishahara yote tangu tarehe 6 Aprili, inatoa mafungu yote ya bure tangu tarehe hiyo, inakokotoa kodi ya jumla inayodaiwa hadi leo, kisha inatoa kodi ambayo umekwisha kulipa. Tofauti ndiyo makato ya mwezi huu. Tofauti ikiwa chini ya sifuri, unarudishiwa.

Njia ya pili ni hesabu ya mwezi pekee. Hapa hakuna daftari. Kila mwezi ni kama mteja mpya mlangoni: mshahara wa mwezi huu, toa fungu la mwezi mmoja, toza kinachobaki, funga. Mwezi uliopita haukumbukwi, ujao haungojwi. Kwenye hati ya mshahara njia hii hutambulika kwa mkia wa msimbo: `M1` kwa wanaolipwa kwa mwezi, `W1` kwa wanaolipwa kwa wiki, na programu nyingine huandika `X`. Msimbo usio na mkia huo ni wa mlimbiko.

Msimbo wa Zuhura ulikuwa na mkia, na zaidi ya hapo ulikuwa `0T`, maana yake hana fungu lolote la bure. Pauni zote 2,600 zilitozwa asilimia 20, yaani 520. Juu yake ukaja mchango wa bima ya taifa, pauni 124 na senti 16. Zikabaki 1,955 na senti 84, zile zile alizoziona benki.

Lau angekuwa kwenye `1257L` bila mkia, kodi yake ya mapato ya Septemba ingekuwa sifuri. Hesabu ni fupi. Tangu Aprili amepata pauni 2,600. Mafungu ya bure ya miezi sita, Aprili hadi Septemba, ni pauni 6,289. Alichopata hakijafika hata nusu ya kile ambacho hakitozwi, kwa hiyo hakuna cha kukata. Oktoba ingekuwa hivyo hivyo, na Novemba pia. Kodi ingeanza Desemba tu, mapato yake ya jumla yatakapolipita fungu la jumla.

Basi kwa nini hakupewa msimbo huo? Nilimuuliza kuhusu fomu ya mfanyakazi mpya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wiki ya kwanza alitumiwa viungo vingi kwa barua pepe, vya chanjo, vya mafunzo ya usalama, vya sare, na kimoja kilisema kodi, akakiacha akidhani ni kazi ya ofisi.

Fomu hiyo ndiyo mlango wa jambo lote. Mwajiri hawezi kujua ulikuwa wapi tangu tarehe 6 Aprili. Akipata P45, hati anayopewa mtu anapoacha kazi, atasoma humo mapato na kodi ya kazi ya awali na kuendeleza daftari palipoishia. Asipopata P45, anakutegemea wewe useme, na majibu yako yanakuingiza kwenye moja ya hali tatu. Hali A ni ya mtu ambaye hii ndiyo kazi yake ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili, na tangu siku hiyo hajapokea pensheni wala posho za serikali zinazotozwa kodi. Huyu anapewa `1257L` ya mlimbiko, pamoja na miezi aliyoikosa. Hali B ni ya mtu ambaye hii ndiyo kazi yake pekee kwa sasa, lakini tangu Aprili aliwahi kuwa na nyingine au kupokea posho hizo. Huyu anapewa `1257L` yenye mkia, mwezi kwa mwezi. Hali C ni ya mwenye kazi nyingine au pensheni inayoendelea. Huyu anapewa `BR`, asilimia 20 kwa yote bila fungu la bure, kwa kuwa fungu lake linatumika kwingine.

Na asiyesema lolote anapewa `0T M1`. Ni hali ya mtu asiyejulikana. Zuhura alistahili A, lakini ukimya wake ukasomwa kama kutojulikana.

Mpango huu wa daftari la mwaka una umri mkubwa. Uingereza iliuanzisha tarehe 6 Aprili 1944, vita vikiwa vinaendelea, wakati wafanyakazi wengi wa viwandani walikuwa wameingia kwenye kodi ya mapato kwa mara ya kwanza. Mshahara wa kiwandani ulikuwa unapanda na kushuka: wiki hii saa za ziada, wiki ijayo homa. Kodi ya wiki moja moja ingemkata mtu sana kwenye wiki nono na isimrudishie kitu kwenye wiki kavu. Mlimbiko uliondoa tatizo hilo. Anayeugua au kusimamishwa kazi, fungu lake la bure linaendelea kukua, na kodi ya ziada inarudi kupitia mshahara bila kungoja mwaka uishe. Waziri wa Fedha aliyeusimamia mpango huo, Kingsley Wood, alifariki Septemba 1943, siku ile ile aliyokuwa autangaze bungeni. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya mipango ya kodi iliyomfikiria mfanyakazi kwa kina zaidi, na inaniuma kuona watu wanaokosa faida yake kwa sababu ya fomu moja.

Wageni kutoka kwetu wana sababu nyingine ya kutouliza. Kenya, kwa mfano, mwajiri hukata PAYE kwa madaraja ya mwezi, na nafuu binafsi ya shilingi 2,400 hutolewa kwa kila mwezi. Mwaka mzima hutazamwa mtu anapowasilisha ritani yake, kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Aliyezoea utaratibu huo anaona makato ya mwezi kama neno la mwisho la mwajiri, na masahihisho kama jambo la mwakani. Kwa Uingereza masahihisho yanaweza kufanyika mwezi ujao, ukiwa umeyaomba.

Ndivyo alivyofanya Zuhura. Hakugombana na ofisi ya mishahara, na hapo alifanya vizuri, kwa sababu msimbo ukishapangwa mwajiri hana ruhusa ya kuubadilisha kwa kuwa tu mfanyakazi amelalamika. Anayeupanga ni mamlaka ya kodi na forodha, HMRC. Aliingia kwenye akaunti yake ya kodi ya mtandaoni, akaona kazi yake imeandikwa, akajaza taarifa kwamba hajafanya kazi nyingine yoyote tangu Aprili. Angeweza pia kupiga simu. HMRC huwa tayari ina taarifa za mshahara wako, kwa kuwa mwajiri analazimika kuzituma siku ya malipo au kabla yake. Inachokosa ni uhakika wa miezi ya nyuma.

Mshahara wa Oktoba ulikuwa umekwisha kuandaliwa, kwa hiyo alikatwa pauni 520 nyingine. Jumla ikawa 1,040. Kabla ya malipo ya Novemba, HMRC ikamtumia mwajiri msimbo mpya, `1257L`, bila mkia. Hebu tuiangalie hati ya Novemba kwa karibu, maana hapo ndipo masahihisho yanapoonekana.

Novemba ni mwezi wa nane wa kodi. Programu ilifungua daftari lake upya tangu Aprili. Mapato hadi leo: 2,600 mara tatu, yaani 7,800. Mafungu ya bure ya miezi minane: 8,386. Mapato yako chini ya fungu, basi kodi inayodaiwa hadi leo ni sifuri. Kodi iliyokwisha kulipwa: 1,040. Sifuri kutoa 1,040 ni hasi 1,040. Kwenye safu ya makato, mahali ambapo miezi miwili nyuma palikuwa na 520, pakaandikwa 1,040 yenye alama ya kutoa mbele yake. Benki iliingia pauni 3,515 na senti 84.

Mwajiri hakuhesabu upya Septemba. Hakuhesabu upya Oktoba. Hakuna hati ya zamani iliyofutwa. Msimbo wa mlimbiko haurudi nyuma kurekebisha mwezi uliokosewa. Unauliza tu leo tuko wapi, na kosa la nyuma linajifuta lenyewe ndani ya hesabu ya leo. Ndiyo maana masahihisho huja kwa mkupuo, katika mwezi mmoja.

Kwa sababu hiyo hiyo, hupaswi kuipangia Desemba kwa kipimo cha Novemba. Zuhura alinipigia tena Desemba, safari hii sauti ikiwa na wasiwasi: mwezi uliopita wamenipa, mwezi huu wamenikata tena, je wamekosea? Hawakukosea. Kufikia Desemba mapato yake yalikuwa 10,400 na fungu la miezi tisa 9,434. Zilizozidi ni 965, na asilimia 20 yake ni 193. Hiyo ndiyo kodi yake ya kwanza ya halali. Januari fungu la nyuma lilikuwa limekwisha kazi, akakatwa 310 na senti 40, na Februari na Machi makato yakakaa karibu hapo hapo. Mwaka ulipofungwa alikuwa amelipa pauni 1,124 kwa mapato ya 18,200.

Linganisha na ambavyo ingekuwa kama asingefanya lolote. Miezi saba ya `0T M1` ni pauni 3,640. Angekuwa ametoa zaidi ya pauni 2,500 asizodaiwa. Hata kwa `1257L M1`, ambayo inaonekana ya haki kwa kuwa fungu la mwezi lipo, angelipa 2,171, zaidi ya inavyostahili kwa pauni 1,047. Kiasi hicho hakikutoka hewani: ni mafungu ya miezi mitano ambayo hakufanya kazi, Aprili hadi Agosti, yaliyozidishwa kwa asilimia 20.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikurudi, na aliniuliza. Ule mchango wa bima ya taifa, 124 na senti 16 kila mwezi. Huo haulimbikizwi kwa mfanyakazi wa kawaida. Kila mwezi unasimama peke yake: asilimia 8 ya kinachozidi pauni 1,048, hadi kikomo ambacho mshahara wake haukifikii. Kwamba kiwango hicho cha 1,048 kinafanana na fungu la kodi la mwezi huwachanganya watu, wakadhani ni kitu kimoja. Miezi mitano bila kazi haikumpa Zuhura nafuu yoyote upande wa bima. Ukiona kodi imerudi na bima haikurudi, hesabu iko sawa.

Mpaka hapa mkia wa `M1` unaonekana kama adui. Sivyo, na ningekuwa nimekupotosha nikiacha hivyo.

Mchukue kijana mwingine, tumwite Juma. Aprili hadi Agosti alifanya kazi ghalani kwa pauni 2,200 kwa mwezi, akakatwa kodi vizuri, akipewa fungu lake kila mwezi. Septemba akapata kazi pale pale alipo Zuhura, kwa mshahara ule ule, lakini P45 yake haijafika. Kwa sababu amesikia kwamba A ndiyo yenye pesa, akajibu fomu kama mtu wa A.

Septemba hakukatwa kodi. Oktoba wala Novemba, hakukatwa. Programu ya mwajiri mpya ilimpa mafungu ya miezi mitano ambayo mwajiri wa zamani alikwisha kumpa. Fungu moja limeliwa mara mbili. Deni lake ni lile lile tuliloliona upande wa pili, pauni 1,048, ila sasa yeye ndiye anayedaiwa.

Angejibu B, angepewa `1257L M1`, angekatwa 310 na senti 20 kila mwezi tangu mwanzo, na mwaka ungekwisha akiwa amelipa kodi yake karibu sawasawa. Kwake yeye miezi ya nyuma ilikuwa imekwisha kupata haki yake, na mwajiri mpya hakuwa na cha kuongeza. Hesabu ya mwezi pekee ndiyo ngao ya mtu ambaye mwajiri haoni alikotoka. Na P45 ingefika, daftari lingeungana: mapato 11,000 ya ghalani na kodi yake 1,151 na senti 60 vingeingizwa, programu ingehesabu miezi sita kwa pamoja, na makato ya Septemba yangetoka 310 na senti 40. Senti ishirini ndiyo tofauti ya njia mbili kwa mtu aliyefanya kazi tangu Aprili bila kukatika. Kwa mtu aliyeingia katikati, tofauti ni zaidi ya pauni elfu.

Deni kama la Juma husahihishwa kwa upole kuliko watu wanavyoogopa. HMRC ikigundua katikati ya mwaka, mara nyingi hutuma msimbo wenye mkia, makusudi, ili daftari lisifunguliwe ghafla na kumkata deni lote siku moja. Na hata msimbo wa mlimbiko ukitumwa, sheria inamkataza mwajiri kukata kodi inayozidi nusu ya malipo ya siku hiyo. Kilichobaki, kikiwa chini ya pauni 3,000, kwa kawaida huingizwa kwenye msimbo wa mwaka ujao. Ili kukusanya pauni 1,048 kwa asilimia 20, fungu la Juma linapunguzwa kwa 5,240, msimbo unakuwa `733L`, na analipa kama pauni 87 zaidi kila mwezi kwa mwaka mzima. Haimfilisi, lakini ni mwaka mzima wa kulipia miezi mitatu ya furaha.

Na ikiwa mtu alikatwa zaidi, halafu tarehe 5 Aprili ikapita kabla msimbo haujarekebishwa? Mshahara hauwezi tena kufanya kazi hiyo. Daftari la mwaka limefungwa, na mwajiri anaanza ukurasa mpya. Kwa kawaida ile mikia ya `M1` hufutwa mwanzoni mwa mwaka mpya, kwa hiyo mtu anaona makato yameshuka na anadhani mambo yamejirekebisha. Yajayo yamerekebishwa. Ya nyuma bado yako serikalini. Kabla ya tarehe 31 Mei mwajiri anatakiwa akupe P60, hati inayoonyesha mapato na kodi ya mwaka uliokwisha. Itunze. Kisha, kuanzia Juni, HMRC hulinganisha hesabu na kuwatumia wanaohusika barua iitwayo P800, inayosema umezidisha au umepunguza kiasi gani. Ikiwa ni ziada, unaidai mtandaoni au unaomba hundi. Barua isipokuja na hesabu yako inaonyesha ulizidisha, dai mwenyewe. Una miaka minne tangu mwaka wa kodi ulipokwisha: kwa mwaka ulioishia tarehe 5 Aprili 2026, mwisho ni tarehe 5 Aprili 2030. Kudai ni bure. Zipo kampuni zinazojitangaza kwenye simu kwamba zitakurudishia kodi, kisha zinachukua sehemu kubwa ya pesa kwa kujaza fomu ambayo ungeijaza kwa robo saa. Nimewaona wauguzi na walezi wa wazee wakipoteza mamia ya pauni namna hiyo, na inanikera kila mara.

Kuna kipimo kimoja ninachowafundisha wote wanaonipigia. Kwenye hati ya mshahara tafuta namba ya mwezi wa kodi, mapato ya jumla tangu Aprili na kodi ya jumla tangu Aprili. Zidisha namba ya mwezi kwa 1,048. Toa jibu kwenye mapato ya jumla. Kinachobaki gawanya kwa tano. Kama msimbo wako ni `1257L` bila mkia na mshahara wako ni wa kawaida, jibu linatakiwa likaribie kodi ya jumla iliyoandikwa, kwa tofauti ya pauni moja hivi. Likitofautiana sana, au msimbo una mkia na hujui ulikotoka, una jambo la kuuliza. Kipimo hiki hakifai kwa mwenye kazi mbili, kwa mshahara unaofika asilimia 40, wala kwa Uskoti.

Zuhura alikifanya Machi, akiwa kwenye kiti cha basi, kwa kalkuleta ya simu. Mwezi wa 12, mapato 18,200. Akapata 1,124 na senti 80. Hati yake ilisema 1,124 kamili.

Wewe unayeanza kazi huku mwaka wa kodi ukiwa umekwisha kuanza, ijibu ile fomu kabla ya siku ya malipo ya kwanza, na uijibu kwa ukweli: A ikiwa kweli hukuwa na kazi tangu tarehe 6 Aprili, B ikiwa ulikuwa nayo, na P45 yako ikifika ipeleke siku hiyo hiyo. Ikiwa umekwisha kukatwa kwa `0T M1`, usingoje Aprili. Wasiliana na HMRC wiki hii, wakati mshahara wa mwezi ujao bado unaweza kukurudishia.